Mfumo unasema faida milioni 90, saiti mafundi hawajalipwa: hela ya mradi imejificha wapi kwenye ERP?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi mhasibu kampuni ya ujenzi hapa Dar, tunatumia ERPNext. Tuna mradi wa ghorofa Kigamboni, masaa ya mainjinia tunajaza, risiti tunaingiza, invoisi tunatoa kwa hatua kama mkataba unavyosema. Nikifungua mradi naona Gross Margin milioni 90 ila benki hamna kitu na mafundi wanapiga simu kila siku. Bosi anahisi kuna mtu anapiga hela. Mchanganuo nimekuambatanishia. Tunakosea wapi?

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mwambie bosi apunguze presha, kwa nilichokiona kwenye mchanganuo wako hakuna dalili ya mtu kupiga hela, kuna namba moja kwenye skrini ambayo mmeipa kazi isiyo yake. Hiyo `Gross Margin` ya kwenye mradi sio faida ya kihasibu, ni hesabu ya haraka haraka ambayo mfumo unaifanya hivi:

```
Gross Margin = Total Billed Amount
             - (masaa + manunuzi + madai ya matumizi + vifaa vilivyotoka stoo)
```

Namba zako nimezizungusha ziwe nyepesi kusomeka, zote ni milioni za shilingi bila VAT. Mkataba 1,200. Mlikadiria mwanzo kwamba mtatumia 1,000. Invoisi mlizotoa 384. Manunuzi 190, masaa 30, madai ya matumizi 14, vifaa kutoka stoo 60, jumla 294. Toa kwenye 384 unapata hiyo 90 yako. Mfumo umejumlisha sawa kabisa, tatizo ni vilivyomo ndani ya hizo namba.

Anza na 384. Humo ndani kuna 240 ya advansi, ile asilimia 20 aliyotoa mteja kabla hamjachimba hata shimo, na 144 ya hatua ya msingi (msingi ulikuwa 180, mkakata 36 za kurudisha advansi). Sasa advansi sio mapato, ni deni la kazi, mteja anakudai ujenzi wa milioni 240. Ninyi mliitolea invoisi ya kawaida ikaenda kwenye akaunti ya mauzo na jina la mradi juu yake, kwahiyo siku ileile mfumo ukaona mradi una faida ya milioni 240 na kazi haijaanza. Najua kwanini mlitoa invoisi, kwa sheria ya VAT ukishapokea hela kodi imeshaiva hata kama hujafanya kazi, kwahiyo ile 18% na risiti ya EFD lazima vitoke. Hapo mko sahihi, endeleeni. Ila itemu ya advansi ielekezwe kwenye akaunti ya dhima, iite "Advansi za wateja", isiende mauzo. Kama akaunti haitokei kwenye orodha ukiwa kwenye invoisi angalia `Account Type` yake, mara nyingi ndo inayozuia. Halafu kila invoisi ya hatua iwe na mistari miwili, wa kwanza thamani yote ya hatua (180 kwenda mauzo) na wa pili hasi 36 unaopunguza lile deni la advansi. VAT inakaa kwenye 144 tu kwasababu ya zile 36 mlishailipa mwanzoni. Watu wengi wanakosea hapa wanakata advansi chini ya VAT, wanajikuta wamelipa kodi mara mbili na kuirudisha hiyo hela ni safari ndefu.

Tuje kwenye gharama, na hapa ndo pana utamu. Ile 190 ya manunuzi, 85 ni sementi na nondo zilizoingia stoo yenu ya Mbagala, na mhasibu msaidizi kila invoisi ya manunuzi aliweka jina la mradi kwenye mstari. Halafu stoo kipa akitoa mzigo kwenda saiti anatengeneza `Material Issue` na yeye anaweka jina la mradi. Unaona kilichotokea? Nondo ileile imehesabiwa ilipoingia stoo na imehesabiwa tena ilipotoka. Mfumo haujui kwamba ni nondo moja, wenyewe unajumlisha `Total Purchase Cost` na `Total Consumed Material Cost` basi. Kanuni iwe hivi: kitu kinachopita stoo kinabeba jina la mradi wakati wa kutoka tu, kitu kinachoshushwa moja kwa moja saiti (kokoto, mchanga, kukodi ekskaveta, bili ya sabkontrakta) kinabeba jina la mradi kwenye invoisi ya manunuzi. Kwahiyo manunuzi halali ya mradi ni 105 na vifaa vya stoo 60, jumla 165, na zile 25 zilizobaki ni mali ya kampuni ipo stoo haijawa gharama ya mtu. Kujua kama mmeshalisafisha hili, fungua General Ledger, chuja kwa mradi huo, halafu tafuta akaunti ya stoki. Ukikuta invoisi ya manunuzi imedebiti stoki na jina la mradi lipo, bado.

Masaa. Hapa nilicheka kidogo nikiona `Costing Rate` ya injinia wa saiti ni 10,833. Nikapiga hesabu kinyumenyume, ni mshahara wa 2,600,000 gawanya siku 30 mara masaa 8. Kwanza huyo injinia haigharimu kampuni 2,600,000, ongeza mchango wa mwajiri NSSF 10%, WCF, SDL, utafika kama 2,950,000. Pili hafanyi kazi masaa 240 kwa mwezi, sheria ya kazi inasema masaa 45 kwa wiki na mwezi unahesabiwa wiki 4.333 kwahiyo ni 195, na humo bado kuna likizo ya siku 28 kwa mwaka, sikukuu, kuumwa, na zile siku anaitwa ofisini Posta kuandaa tenda ya mradi mwingine. Mimi huwa natumia masaa 160 ya kazi inayoweza kuandikwa kwenye mradi. 2,950,000 gawa 160 ni kama 18,400 kwa saa. Tofauti ya 10,833 na 18,400 kwa mtu mmoja haionekani, kwa timu nzima inaonekana, kwenu nimekadiria inapandisha ile 30 kwa milioni 5 hivi, maana ni sehemu ndogo tu ya hiyo 30 iliyowekwa kwa reti ya chini namna hii, na vibarua nakuja kwao. Kama mngekuwa kampuni ya ushauri, ambako masaa ndo gharama yote, kosa hili peke yake lingetosha kufunga ofisi, maana huko reti ya kumtoza mteja inapangwa juu ya hii reti ya gharama.

Halafu kuna kitu ambacho hata wafungaji wa mfumo hawawaambii watu: taimushiti ya ERPNext haiandiki chochote kwenye leja. Inaongeza namba kwenye skrini ya mradi tu. Mshahara wenyewe unaingia kwenye leja kupitia payroll, ukiwa gharama ya kampuni nzima bila jina la mradi. Ndo maana ukichukua ripoti ya faida na hasara ukaichuja kwa mradi wa Kigamboni huoni hata shilingi ya injinia, na hautakaa ulinganishe na skrini ya mradi ukapata namba moja. Dawa ni journal moja kila mwisho wa mwezi: debiti "Gharama ya kazi" yenye jina la mradi kwa masaa mara reti, kredit akaunti ya "Mishahara iliyogawiwa miradi" isiyo na mradi. Ukiangalia mishahara iliyolipwa na iliyogawiwa, tofauti yake ni watu waliolipwa bila kuwa na mradi wa kuwabeba. Bosi ataipenda sana hiyo namba, au ataichukia.

Sasa ambavyo havimo kabisa. Kwenye mchanganuo wako kuna akaunti ya `Employee Advance` ya foremeni yenye salio la 22. Yaani mmemtumia hela kwa M-Pesa awalipe vibarua na anunue vitu vidogo vidogo, na miezi yote hiyo hajafanya marejesho ya masurufu. Kwa mfumo ule mzigo ni mali, foremeni anadaiwa milioni 22. Kwa uhalisia hela ilishaliwa na zege la msingi. Sio lazima awe mwizi, muulize kwanini harejeshi atakwambia lori la mchanga barabarani halitoi risiti ya EFD, na mhasibu wa ofisini alishamrudishia karatasi kwa sababu hiyo. Hili mlitenganishe. TRA wanaweza kuikataa gharama isiyo na risiti ya EFD wakati wa kukokotoa kodi, na hilo ni suala la kodi, lakini mchanga umetumika na gharama ya mradi ni ileile. Mwekeeni akaunti yake, "Gharama zisizo na EFD", ibebe jina la mradi kama nyingine, na mtu wa kodi ataiongeza mwisho wa mwaka. Mkiendelea kuzikataa karatasi mnajidanganya wenyewe kuhusu mradi. Na vibarua wawe na daftari la mahudhurio la kila siku, jina, kazi, nusu siku au siku nzima, sahihi, foremeni analipiga picha jioni analituma. Hamna haja kila kibarua awe `Employee` kwenye mfumo, jumla ya wiki inatosha. Ila masurufu mapya yasitoke kabla ya yale ya mwanzo kurejeshwa, hapo simama kidete hata kama injinia analia zege linakauka.

Kingine ni sabkontrakta wa fomweki na nondo. Ameshafunga nguzo za chini na nusu ya slab ya kwanza, hajaleta invoisi kwasababu huwa analeta akimaliza. Mkadiriaji wenu amepima kazi yake ni 38. Hiyo ni gharama ya mwezi huu hata kama karatasi itakuja mwezi wa tatu mbele. Mwisho wa mwezi debiti gharama yenye mradi, kredit "Kazi iliyofanyika bila invoisi", tarehe moja unaigeuza. Usipofanya hivyo mradi utaonekana una faida nzuri miezi miwili halafu mwezi wa tatu unadondoka kama embe, na hakuna kilichobadilika saiti.

Tujumlishe upya basi: 165 + 30 + 5 + 14 + 22 + 38 = 274. Umeona kitu cha ajabu, gharama halisi ni ndogo kuliko 294 ya mfumo, kosa la kuhesabu nondo mara mbili lilikuwa linafunika gharama zilizosahaulika. Ndo ubaya wa makosa mawili yanayovutana, ukirekebisha moja bila lingine namba inazidi kuharibika.

Sasa mapato. Chini ya IFRS 15, ambayo ndo imeanza kutumika tangu 2018 ikichukua nafasi ya ile IAS 11 tuliyosomea wengi, mkataba kama wenu mapato yanatambuliwa kadri kazi inavyokwenda, sio kadri inavyoinvoisiwa. Njia rahisi ni kulinganisha gharama iliyotumika na gharama yote inayotarajiwa. Na hiyo inayotarajiwa sio ile 1,000 ya siku ya tenda. Nimeona kwenye karatasi ya mkadiriaji wenu kwamba kwa bei za sasa za nondo kumaliza kazi iliyobaki kunahitaji 822. Basi:

```
Gharama yote inayotarajiwa = 274 + 822   = 1,096
Asilimia ya kazi           = 274 / 1,096 = 25%
Mapato yaliyoiva           = 25% x 1,200 = 300
Faida mpaka leo            = 300 - 274   = 26
```

Kwahiyo sio 90, ni 26. Na mradi mzima mlioutarajia ulete 200 sasa unaelekea 104. Hii ya pili ndo habari ya kumpelekea bosi, maana ile 26 imeshapita lakini 104 bado inaweza kuokolewa au kuzama. Siku gharama inayotarajiwa ikizidi 1,200 hasara yote inaandikwa hapohapo bila kungoja kazi iishe. Angalizo dogo, vitu vya bei kubwa vilivyonunuliwa havijafungwa (mfano lifti ikija mapema ikakaa kwenye boksi) usiviweke kwenye hiyo asilimia, vitakuonyesha mmefika mbali na jengo liko palepale.

Kwenye leja ukishahamisha advansi kwenye dhima, mauzo yana 180 ya msingi tu. Mapato yaliyoiva ni 300, kwahiyo journal ya mwisho wa mwezi ni debiti "Mali ya mkataba" 120, kredit mapato 120, yenye jina la mradi. Upande wa pili deni la advansi limebaki 204. Kwenye taarifa za fedha unavitoa, 204 kwa 120, inabaki dhima ya 84. Maana yake kwa lugha ya kawaida, mmeshamtoza mteja 84 zaidi ya kazi mliyomfanyia.

Haya, kama mmemtoza zaidi mbona hela hamna? Hela ya mteja iliyoingia ni 240 tu. Ile 144 ya msingi imeidhinishwa na konsaltanti ila haijalipwa. Mmetoa 190 ya manunuzi yote (pamoja na sementi na nondo za 25 zilizolala stoo), 30 ya mishahara, 14, na 22 ya foremeni, hiyo ni 256. Mko chini kwa 16, na sabkontrakta na 38 yake bado hajapiga hodi. VAT ya advansi ilikaa benki ikawafariji wiki chache mpaka siku ya ritani. Fumbo lote la bosi ndo hilo, hamna mwizi hapo.

Na hiyo 144 ikija haitakuja yote. Mteja anashikilia ritensheni 10% ya thamani ya kazi, yaani 18, itakayorudi nusu jengo likikabidhiwa na nusu kipindi cha kurekebisha kasoro kikiisha. Atakata pia kodi ya zuio, hiyo dai cheti chake, inapunguza kodi yenu ya mapato, msiandike kama gharama ya mradi. Ritensheni iwekwe kwenye ratiba ya malipo ya invoisi kama sehemu yenye tarehe yake ya mbali, au ihamishiwe akaunti yake kabisa. Mkiiacha ndani ya wadaiwa wa kawaida, ripoti ya madeni itaonyesha mteja amechelewa siku 300, siku moja kijana wa madeni atampigia kwa ukali na mnaharibu uhusiano kwa hela ambayo mkataba unamruhusu kuishika.

Kwenye hatua zenyewe za malipo, mkataba wenu unaruka kutoka msingi (180) mpaka slab ya pili kukamilika (300) bila kitu katikati. Ndo maana mna kazi ya 120 imeshafanyika na hamuwezi kuitolea invoisi. Kabla ya kumlalamikia mtu muombeni konsaltanti aivunje hiyo hatua, nguzo na slab ya kwanza 140, slab ya pili 160. Jumla haibadiliki, kwahiyo mteja mara nyingi hakatai, hasa mkipeleka vipimo vya mkadiriaji na picha. Ikikubaliwa, kwenye mfumo kila hatua iwe `Task` yenye thamani yake na mtu mmoja wa kuifunga, namshauri awe mkadiriaji na sio injinia, na invoisi isitoke mpaka cheti cha konsaltanti kimeambatishwa hapo. Nimeona invoisi nyingi zikitoka kwa maneno ya "injinia kasema tumemaliza", halafu konsaltanti anapunguza vipimo, VAT ya namba kubwa imeshaenda na mnaanza kuhangaika na kredit noti.

Mpangilio wa kurekebisha: anza na advansi, kisha nondo za stoo, kisha kaa na foremeni mfunge zile 22, mkadiriaji akupe kazi isiyo na invoisi na makadirio ya kumaliza, mwisho journal ya mapato. Usianze na journal ya mapato juu ya gharama chafu. Na kwenye kikao cha mwezi acha kuprinti skrini ya mradi, peleka ripoti ya faida na hasara iliyochujwa kwa mradi, pembeni yake namba tatu tu: gharama inayotarajiwa mpaka mwisho, kazi iliyofanyika ambayo haijainvoisiwa, na hela ya mteja iliyoingia ukitoa iliyotoka. Hiyo ya tatu anza kuileta Ijumaa hii, mafundi hawasubiri mwisho wa mwezi.